Karama Bila Mashindano: Somo la Korintho kwa Kanisa la Watu Arobaini

Ugomvi wa karama katika kanisa dogo hauanzi na fundisho, huanza na maiki. Kanisa lina maiki moja, kinanda kimoja na ibada ya saa tatu, na ndani ya saa hizo kila mtu anaona nani kaitwa mbele na nani kaachwa kwenye benchi. Penye watu elfu mbili unaweza kuimba kwaya miaka mingi usijue ni nani anayeombea wagonjwa. Penye watu arobaini unajua nani aliota nini juzi, nani alinena kwa lugha kwenye mkesha, na mtoto wa nani alisifiwa na mchungaji mbele ya watu. Mashindano hayahitaji mchochezi. Yamo tayari katika udogo wa chumba.

Mchungaji akiona nyuso zimekunjamana, kwa kawaida huhubiri umoja. Watu huitikia amina, wakatoka nje wakasimama makundi yale yale waliyosimama Jumapili iliyopita. Mahubiri hayo hayana kosa, ila hayajagusa kilichowagawa. Na ajabu ni kwamba ndani ya Biblia kuna barua iliyoandikwa kwa ajili ya shida hii hii, kwa kanisa lenye ukubwa unaokaribia huo huo, nayo tunaisoma vipande vipande. Sura ya 12 ya Wakorintho wa Kwanza, yenye orodha ya karama, tunaitumia kwenye semina. Sura ya 13 tumewaachia maharusi. Sura ya 14, yenye taratibu za ibada, inasomwa haraka au hairudiwi kabisa. Mwandishi alizitunga hizo tatu kuwa hoja moja, na naamini sehemu kubwa ya mashindano yetu inatokana na kuikata hoja hiyo.

Mji wa wapenda majina

Korintho ya Paulo ulikuwa mji mpya kuliko tunavyodhani. Warumi waliubomoa ule wa zamani mwaka 146 KK, na Yulio Kaisari akauanzisha upya mwaka 44 KK, akipeleka huko walowezi ambao wengi walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa na bandari mbili, Lekayo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili, na fedha ilizunguka. Mtu ambaye babu yake alikuwa mtumwa aliweza kupanda, na aliyepanda alitaka ajulikane kwamba kapanda. Karibu na ukumbi wa michezo ya kuigiza wachimbuaji wa karne iliyopita walikuta sakafu ya mawe yenye maandishi ya mtu aitwaye Erasto, akitangaza kwamba aliitandaza kwa gharama yake mwenyewe baada ya kupewa cheo cha mji. Kama ndiye yule Erasto anayetajwa mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, wataalamu hawajakubaliana. Lakini tabia ya mji iko wazi katika lile jiwe: ukitoa, andika jina.

Paulo alifika huko karibu mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na nusu. Barua aliiandika baadaye akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50, baada ya watu wa nyumba ya Kloe kumletea habari za magomvi, na baada ya kanisa lenyewe kumwandikia maswali. Padre Jerome Murphy-O'Connor, Mdominiko aliyefundisha Biblia huko Yerusalemu, alipima mabaki ya nyumba za Korintho katika kitabu chake cha mwaka 1983, akakadiria kwamba kundi lote lilikuwa la watu kama 40 au 50 waliokutana nyumbani kwa mwenye nafasi. Kadirio hilo limepingwa, na wengine wanafikiri walikutana hata kwenye maduka na karakana. Kwa vyovyote vile tunazungumzia watu wanaotosha chumba na ua wake, waliokuwa wakijuana kwa majina.

Basi ukitaka kufundisha karama, usianze na karama. Paulo hakuanza nazo. Anapofika sura ya 12 tayari ameshughulikia makundi yaliyojiita ya Paulo, ya Apolo na ya Kefa. Ameshagusa pia chakula cha Bwana, ambapo wenye vyao walitangulia kula, mmoja akalewa, maskini wakakuta sahani tupu. Kule ndiko ugonjwa ulikoonekana. Karama ziliingia katika kundi ambalo lilikwisha zoea kupima watu, zikawa kipimo kingine. Kwa hiyo somo la kwanza, ambalo linastahili jioni nzima, ni kusoma sura ya 1, ya 3 na nusu ya pili ya sura ya 11, kisha kuuliza swali moja tu: hapa kwetu, kabla hata hatujataja Roho Mtakatifu, tunapimana kwa nini? Majibu yatakuja yenyewe. Mavazi. Sadaka inayotangazwa kwa jina. Aliyesoma na asiyesoma. Kabila, hasa mahali ambapo kanisa lilianzishwa na familia moja.

Hadithi iliyopinduliwa

Wasomaji wengi wa sura ya 12 hudhani mfano wa mwili aliubuni Paulo. Ulikuwa mfano wa siasa, wa zamani na unaojulikana. Mwanahistoria Livio anasimulia kwamba mwaka 494 KK watu wa chini wa Roma waligoma, wakatoka nje ya mji. Wakubwa wakamtuma Menenio Agripa, naye akawasimulia jinsi viungo vya mwili vilivyokasirika kwamba tumbo linakula bila kufanya kazi, vikaacha kulilisha, mwisho vikadhoofika vyote. Maana yake: nyinyi mikono rudini kazini, maana tumbo, yaani wakubwa, ndilo linalowapa nguvu. Watu wakarudi.

Paulo akauchukua mfano huo akaugeuza. Kwake hakuna tumbo linalotetewa. Anayeonywa asijione ni jicho na kichwa, vile viungo vya juu, visithubutu kuviambia vya chini kwamba havihitajiki. Tena anasema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na visivyo na heshima ndivyo vinavyoongezewa heshima. Mkorintho aliyewahi kusikia hadithi hiyo kwenye hotuba za wanasiasa lazima alishtuka. Mfano uliozoeleka kuwatuliza wadogo, leo unawakemea wakubwa.

Mwalimu anayefundisha mfano wa mwili bila mgeuko huo anaurudisha kwa Agripa bila kujua. Ndiyo yale mahubiri yanayosema, wewe Mungu amekupa kufagia, ridhika, usitamani mimbari. Mfagiaji anatoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia, na mwenye mimbari anatoka na baraka juu ya kiti chake.

Kuna jambo la pili ndani ya mfano huo ambalo nimelisikia likifundishwa mara chache mno. Paulo anavipa viungo sauti, na anayesema kwanza si jicho lenye kiburi. Ni mguu. Mguu unasema, kwa kuwa mimi si mkono, basi mimi si wa mwili huu. Halafu sikio nalo linasema hivyo hivyo juu ya jicho. Ndipo baadaye jicho linaanza kuukataa mkono. Kwa maneno mengine, mashindano yana watu wa aina mbili, na aliyekata tamaa anatajwa kabla ya aliyejivuna. Tazama pia kwamba mguu haujilinganishi na kichwa, unajilinganisha na mkono, kiungo kinachofanana nao. Mama anayepika chakula cha misiba haumizwi na mwinjilisti mgeni kutoka mjini. Anaumizwa na mama mwenzake aliyepewa uenyekiti wa idara.

Wanne hao hawatibiwi kwa dawa moja. Mguu na sikio huambiwa kwamba kutojiona si ushahidi wa kutokuwamo: hata ukisema si wa mwili, bado ni wa mwili. Jicho na kichwa huambiwa kwamba kujitosheleza ni uongo. Mchungaji akiwahubiria wote unyenyekevu, aliyejivuna atadhani anasemwa jirani, na aliyekata tamaa atazama zaidi.

Dodoso na kadi za majina

Katika miaka ya 1970 huko Marekani ilianza desturi ya kumpa muumini dodoso la kugundua karama yake. Peter Wagner, aliyefundisha katika Seminari ya Fuller huko California, aliieneza sana kwa kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya karama na ukuaji wa kanisa, akihesabu karama 27. Desturi hiyo imefika kwetu kupitia semina na vijitabu. Unasoma sentensi nyingi, unajipa alama, unajumlisha, na jumla kubwa ndiyo karama yako.

Sisemi dodoso ni dhambi. Limewasaidia watu waliodhani kwamba asiyehubiri hana kitu. Lakini katika kanisa dogo lina kasoro tatu zinazojitokeza haraka. Linampa mtu alama za kujipima mwenyewe, kwa hiyo linachopima ni anavyojipenda au anavyojidharau. Linatoa tarakimu, na tarakimu huzaa swali la wewe umepata ngapi. Na linaigeuza karama iwe mali ya mtu, kitu anachokuja nacho ibadani akidai nafasi ya kukitumia.

Tofauti na hapo, orodha za Agano Jipya zenyewe hazikubali kufungwa. Ile ya mwanzo wa sura ya 12 ina karama tisa. Ile ya mwisho wa sura hiyo hiyo ina nane, na si zile zile. Ile ya Warumi 12 ina saba, ikiwa na kutoa na kurehemu, lakini haina lugha wala uponyaji. Petro katika waraka wake wa kwanza anataja mbili tu, kusema na kuhudumu, kisha anaendelea na mambo mengine. Ukiziandika ubaoni bega kwa bega watu wataona wenyewe kwamba hakuna aliyekuwa akitunga hesabu kamili. Na wataona kitu kingine: katika orodha ya mwisho wa sura ya 12, ile Biblia ya Muungano inayoyaita masaidiano na maongozi yanakaa katikati ya uponyaji na lugha. Kusaidiana na kuendesha shughuli, karama ambazo hakuna aliyewahi kuzifungia mkesha, zimewekwa kiti kimoja na miujiza.

Kanisa la mfano

Tulijenge kanisa moja kutokana na mambo ambayo kila anayesali katika kanisa dogo atayatambua. Watu wazima ni 38, watoto kama 20, wamekodi ukumbi wenye paa la bati. Mchungaji anafundisha shule ya msingi siku za kazi. Yuko dada mmoja anayetoa unabii, na kweli maneno yake yameshawahi kuwafaa watu. Yuko kijana wa kinanda ambaye bila yeye sifa hazina uhai. Yuko mzee mweka hazina, mkali na mwaminifu. Yuko mama anayefungua mlango, anayefagia na kujua nani hakuja. Amekuja mhubiri mgeni, amefanya semina ya karama kwa dodoso, ameondoka. Sasa dada anaitwa nabii, kijana anataka aitwe mwabuduji, watu watatu wamepata alama kubwa ya utume, na mama wa mlango alipojumlisha alama zake alikunja karatasi akaiweka kwenye mkoba.

Mchungaji akapanga jioni nne za Jumatano. Ya kwanza ikawa ile ya magomvi ya Korintho. Ya pili akaandika zile orodha ubaoni, akafundisha mguu na jicho, kisha akagawa vipande vya karatasi. Hakuuliza una karama gani. Aliuliza: katika miezi sita iliyopita, ni nani wa kanisa hili aliyekujenga, na alifanya nini hasa? Masharti yalikuwa mawili: usitaje cheo, na usimtaje mchungaji.

Swali hilo ni kiini cha njia nzima, kwa sababu linahamisha macho. Aliyepokea ndiye anayeitambua karama, kama vile Paulo anavyosema kwamba kila mmoja hupewa kwa ajili ya kufaidiana. Na majibu huwa na mambo yaliyotendeka. Mmoja anaandika kwamba mtoto wake alipolazwa, mama wa mlango alileta uji siku tatu. Mwingine anaandika kwamba mweka hazina alimfundisha kuandika matumizi ya genge lake hadi akalipa deni. Wawili wanamtaja dada wa unabii, lakini si kwa unabii: aliwasindikiza kliniki.

Hapo pana mtego. Mchungaji akisoma hadharani nani katajwa mara ngapi, ametengeneza dodoso jipya lenye washindi wapya. Kwa hiyo hakuhesabu. Alikaa na karatasi zile nyumbani, akaandika matendo bila majina, na Jumatano ya tatu akasoma matendo hayo tu, akauliza kama kuna moja ambalo kanisa lingeweza kuishi bila. Waliotenda wakajitambua kimya kimya. Ambao hawakutajwa na mtu yeyote, na walikuwapo, aliwatembelea nyumbani wiki hiyo. Karatasi tupu juu ya mtu fulani aghalabu inamaanisha hajapewa nafasi, au ana mzigo ambao hakuna aliyeuona.

Jioni hiyo ya tatu ni ya sura ya 13. Isomwe polepole na kidole kwenye sura zilizotangulia. Kila jambo ambalo upendo haulifanyi, Wakorintho walikuwa wanalifanya. Husuda imekwisha tajwa katika sura ya 3. Kujivuna kumetajwa sura ya 4, ya 5 na ya 8. Kutafuta mambo yako mwenyewe ndiko kulikowanyima wengine chakula sura ya 11. Ile inayosomwa kwa sauti tamu kwenye harusi ni orodha ya mashtaka, na bwana harusi akiisikiliza vizuri atajikuna kichwa. Kanisa likiielewa hivyo, upendo unaacha kuwa hisia ya kuwafunika wagomvi, unakuwa kipimo cha jinsi ya kushika maiki.

Taratibu za sura ya 14

Jumatano ya nne ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayobadilisha Jumapili. Paulo anatoa taratibu zinazohesabika. Wanaonena kwa lugha hadharani wawe wawili, wakizidi sana watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, mtu anyamaze kanisani, aseme na Mungu moyoni mwake. Manabii wawili au watatu, na wengine wapime. Mtu aliyeketi akifunuliwa neno, yule anayesema anyamaze. Na ili asitokee wa kusema Roho alimzidi nguvu, anaongeza kwamba roho za manabii zinawatii manabii. Anayetoa unabii anaweza kusubiri. Anaweza kuacha.

Taratibu hizi haziwezekani uwanjani. Zinahitaji chumba ambamo waliosalia wanaweza kupima, na kupima kunahitaji kumjua msemaji. Katika jambo hili kanisa dogo limetangulia lile kubwa, na halijui.

Kwa kanisa letu la mfano, kupima kuliwekwa hivi. Ujumbe ukitolewa, mchungaji anasubiri kidogo, anauliza wazee wawili na yeyote aliye na neno: je, unaafikiana na Maandiko, unajenga, na msemaji yuko tayari kuulizwa? Hakuna kupiga kura. Mambo matatu yalikatazwa kabisa kutamkwa kwanza mbele ya watu: nani aoane na nani, mgonjwa aache dawa, na nani ndiye mchawi wa familia. Ya kwanza hupelekwa kwa wazee faraghani. Ya pili haipokelewi popote. Ya tatu mchungaji aliikataa kwa ukali zaidi, kwa kuwa tunafahamu nyumba ngapi zimevunjwa, na vikongwe wangapi wamepigwa, kwa neno la namna hiyo lililotoka kwenye maombi.

Bila shaka dada wa unabii aliumia. Alimfuata mchungaji baada ya kipindi.

"Mchungaji, Bwana asifiwe. Nimeona ni mimi ninayewekewa breki."

"Amina, dada yangu. Na mimi nimewekewa. Mahubiri yangu nayo yatapimwa kuanzia Jumapili hii, wazee wameshakubali."

Jibu hilo lina uzito kuliko somo lote. Utaratibu unaomgusa mwenye unabii na kumwacha mwenye mimbari ni silaha ya mchungaji dhidi ya mshindani wake, na watu wataitambua mara moja. Nimeona mahali ambapo sura ya 14 iliingizwa kwa ajili ya kumnyamazisha mtu mmoja. Aliondoka na nusu ya kwaya.

Maswali magumu mawili

La kwanza ni la lugha. Makanisa mengi ya Kipentekoste yanafundisha kwamba kunena kwa lugha ni dalili ya kwanza ya ubatizo wa Roho. Fundisho hilo lilienezwa na Charles Parham kuanzia Topeka, Kansas, mwaka 1901, likavuma dunia nzima baada ya mikutano ya Mtaa wa Azusa, Los Angeles, iliyoanza mwaka 1906 chini ya William Seymour, mtoto wa watumwa walioachwa huru. Walutheri, Waanglikana na wengine wengi hawalikubali. Kanisa dogo la mtaani mara nyingi lina watu wa pande zote mbili kwenye benchi moja, na asiyenena hujiona Mkristo nusu. Mwalimu hawezi kulimaliza swali hilo kwa Jumatano moja, wala asijifanye. Anachoweza kueleza ni kwamba Wapentekoste wenyewe hutofautisha lugha kama dalili na lugha kama karama ya ibadani, na kwamba kuhusu karama ya ibadani Paulo anauliza maswali ambayo jibu lake ni hapana: si wote mitume, si wote wanaponya, si wote wananena. Kwa hiyo kanisa linaloamini dalili linaweza kuendelea kuamini, na bado lisimpange asiyenena kwenye daraja la pili anapotafutwa mwalimu wa watoto au mweka hazina.

La pili ni kwamba Paulo hasemi karama zote zinalingana faida. Anasema atoaye unabii ni mkuu kuliko anenaye kwa lugha, isipokuwa afasiri, na anawahimiza watamani karama zilizo kuu. Walimu wanaopenda amani huuficha mstari huo. Wasiufiche. Kipimo cha ukuu anakitaja mwenyewe, nacho ni wangapi wanajengwa. Himizo hilo analielekeza kwa kanisa zima: ombeni kundi lenu lipate linachokosa. Kanisa la mfano likikaa likaona halina mtu wa kufundisha watoto, liombe hilo, na akitokea, kila mtu amepata. Kuwalazimisha wote waonekane sawa ni kosa jingine. Kijana anapiga kinanda vizuri, mwenzake anapiga vibaya, na kuwapa zamu sawa kwa jina la usawa kunaadhibu kusanyiko. Afadhali yule anayejua amfundishe asiyejua, na apimwe kwa wangapi wanapiga baada yake.

Dalili kwamba somo limeingia si machozi ya Jumatano ya nne. Sikiliza shuhuda baada ya miezi michache: je, watu wanataja majina ya wengine au yao wenyewe? Angalia kama mama wa mlango asipokuja kuna anayekwenda kumtazama. Angalia kama yule aliyenyang'anywa zamu alirudi wiki iliyofuata bila kuombwa. Ukiona maombi ya hadhara yanarefuka, mapambio yanaimbwa kwa kushindana sauti, na vyeo vipya vinachapishwa kwenye matangazo ya mikutano, basi rudi sura ya 1.

Na kurudi ni lazima. Katika barua yake ya pili Paulo bado aliogopa kwamba akifika Korintho atakuta fitina na wivu. Miaka kama 40 hivi baadaye, mwishoni mwa karne ya kwanza, kanisa la Roma likalazimika kuwaandikia tena Wakorintho, kwa mkono wa Klementi kama mapokeo yanavyosema, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamewaondoa wazee wao kwa wivu. Barua hiyo ndefu ipo mpaka leo. Ndani yake Klementi hakuwatungia fundisho jipya la karama. Aliwaambia waichukue barua ya Paulo, waisome.